Barua ya mwenye nyumba: kodi kwa dola, tunalipa shilingi kwa reti ya siku ipi? Naombeni kueleweshwa

#1 Bi_Mkunazi
Habari wakuu. Napanga apatimenti Mikocheni, mkataba wa miaka miwili nilisaini Septemba 2024, kodi dola 500 kwa mwezi na nalipa miezi mitatu mitatu, yaani dola 1,500 kwa mkupuo. Mkataba wangu unasema nitalipa shilingi "kwa kiwango cha soko cha siku ya malipo". Basi hiyo tu. Mwaka mzima hatujawahi kugombana.

Sasa robo hii ankara ilitoka Jumanne tarehe 24 Juni 2025 ikiwa na reti ya 2,680, jumla 4,020,000. Mimi nimelipa Ijumaa tarehe 4 Julai jioni, nikaingia kwenye tovuti ya Benki Kuu nikachukua reti ya kati ya siku ile, yaani ya katikati ya kununua na kuuza, 2,630, nikatuma 3,945,000. (Namba nimezizungusha kidogo ili hesabu iwe nyepesi na nisijulikane.) Jumatatu ilikuwa Saba Saba, pesa ikaonekana kwao Jumanne tarehe 8. Jumatano nakuta barua imepachikwa chini ya mlango, wapangaji wote tumepewa. Nanukuu kipande kinachonisumbua:

"Ndugu Mpangaji, unakumbushwa kuwa kodi ya jengo imepangwa na itaendelea kupangwa kwa Dola za Marekani. Malipo kwa Shilingi yatafanyika kwa kiwango cha kuuzia dola cha benki yetu. Kiwango kitakachotumika ni cha siku ankara ilipotolewa au cha siku fedha zitakapoonekana katika akaunti yetu, chochote kitakachokuwa juu. Kiwango cha Benki Kuu ni elekezi na hakitatumika."

Na chini kwa kalamu wameandika nadaiwa 75,000. Siyo hela ya kuniua ila nataka kujua ni haki au la, maana nikilipa leo nitalipa kila robo. Nani yuko sahihi?

#2 Tozi_wa_Mtoni
Dola 500 Mikocheni bado zipo? Vyumba vingapi dada, na maji yapo? Naomba namba ya dalali

#3 Chuma_cha_Kariakoo
Dada usilipe hata mia. Serikali ilishapiga marufuku dola tangu 2017, Waziri wa Fedha wa wakati ule Dk. Mpango alitangaza mwenyewe, kuanzia Januari 2018 ni shilingi tu nchi nzima. Huyo mwenye nyumba anavunja sheria miaka saba sasa, mpeleke kwa mjumbe akaulizwe.

#4 Mhasibu_Mstaafu
Chuma, hapo umechanganya kidogo. Lile tangazo la mwisho wa 2017 lilisema mkaazi wa Tanzania asilazimishwe kulipa kwa fedha za kigeni. Bei mbili, ya shilingi na ya dola, ziliruhusiwa kwa wageni wasio wakaazi kama watalii, na reti inayotumika iwekwe wazi na isizidi ya soko. Kwa hiyo watu wengi waliendelea kuandika dola kwenye mikataba na kupokea shilingi, wakasema hatujamlazimisha mtu. Kilichobadilika kweli ni kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotoka mwishoni mwa Machi 2025. Hizo zinakataza hata kutaja au kutangaza bei ya ndani kwa fedha za kigeni. Nitarudi huko.

Bi Mkunazi, kabla ya sheria tufanye hesabu kwanza, kwa sababu nahisi unagombana na tarehe wakati tarehe siyo mwizi mkubwa hapo. Tuambie, siku ya ankara, tarehe 24 Juni, reti ya kati ya Benki Kuu ilikuwa ngapi?

#5 Bi_Mkunazi
@Tozi vyumba viwili, maji ya kisima, dalali sina samahani.
@Mhasibu shikamoo mzee. Nimeangalia, kwa namba zangu zilizozungushwa ni kama 2,645.

#6 Mhasibu_Mstaafu
Marahaba. Ona sasa. Wao wametumia 2,680, wewe 2,630, tofauti shilingi 50 kwa kila dola, mara 1,500 ndiyo 75,000 yako.

Lakini hiyo 50 ina vipande viwili. Reti ya Benki Kuu ilishuka kutoka 2,645 hadi 2,630 kati ya ankara na malipo yako. Hizo 15 ndizo za tarehe, kwa dola 1,500 ni 22,500. Zilizobaki, 35, hazihusiani na siku yoyote, ni pengo kati ya reti ya kati ya Benki Kuu na bei ambayo benki yao inamuuzia mteja dola siku ileile. Hiyo ni 52,500. Barua imeongea sana kuhusu siku lakini pesa nyingi imejificha kwenye maneno "kiwango cha kuuzia cha benki yetu". Hata mngekubaliana siku moja leo, hilo pengo lingebaki kila robo.

Kwa hiyo ukienda kuongea naye uliza maswali matatu, usiyachanganye. Reti ya nani, upande upi, na siku ipi.

#7 Kijiti_cha_Pwani
Mzee hapo kwenye upande naona jamaa kakosea mwenyewe. Mpangaji hana dola, mpangaji ananunua dola ili alipe kodi, kwa hiyo itumike reti ya KUNUNUA, ambayo ni ya chini. Kwa nini anatumia ya kuuza?

#8 Mhasibu_Mstaafu
Kosa la wengi hilo. Ubao wa benki unaongea kwa mdomo wa benki. Inapoandika kununua ni benki inanunua dola kutoka kwako, inapoandika kuuza ni benki inakuuzia. Anayetaka dola anapigwa ile ya kuuza, ya juu. Hoja ya mwenye nyumba ni hii, mkataba ni dola 500, ukinipa shilingi nikaenda benki nitoke na dola 500 kamili, na pale nitauziwa kwa 2,680.

Kimantiki haina kasoro kama kweli anaenda kununua dola. Kama zile shilingi anazilipia mlinzi, umeme na fundi bomba, hajanunua dola yoyote, kwa hiyo hilo pengo la 35 ni faida juu ya kodi. Ndiyo maana mikataba mingi niliyoipitia kazini walikuwa wanaandika reti ya kati ya Benki Kuu, kila mmoja anakula nusu ya pengo la kununua na kuuza, na kila mmoja anaweza kuiona bila kumuomba mwenzake skrinshoti.

#9 Mama_Mbezi_Juu
Naomba niongee upande wa pili maana humu wote wapangaji. Mimi nina nyumba nne Mbezi, mbili nilizijenga kwa mkopo wa dola. Benki yangu kila mwezi inanikata dola, hainiulizi mpangaji kalipa kwa reti gani. Kuna mpangaji alinilipa kwa reti ya ankara, akachelewa siku 19, shilingi ikaanguka katikati, nilipokwenda kununua dola nikapungukiwa na nikaongeza kutoka mfukoni. Tangu siku ile naandika reti ya siku pesa inapoingia. Siyo roho mbaya, nimeumia.

Lakini hilo neno "chochote kitakachokuwa juu" mimi sijawahi kuandika na sitaandika. Hapo kazidi.

#10 Chuma_cha_Kariakoo
Mama Mbezi umesema kweli, na mimi ndiyo hapo nilipoumia. Nina kafremu ka stishenari Kariakoo, dola 800 kwa mwezi. Oktoba 2024 reti ilikuwa inacheza kwenye 2,700 nikawa nalipa 2,160,000 bila kelele, kila ikipanda tajiri ananitumia meseji usiku reti mpya hii hapa. Desemba ile mnakumbuka dola ilivyodondoka, ikafika 2,400 hivi. Nikaenda na 1,920,000 yangu nikiwa na furaha kabisa, nikaambiwa aah sisi hatushuki chini ya 2,700 kwa sababu bajeti ya jengo ilishapangwa. Laki mbili na arobaini kwa mwezi mmoja! Nikauliza mbona ilipopanda hamkusema bajeti ilishapangwa, mhasibu wake akawa anaangalia dirishani. Nililipa, ningefanyaje, mzigo uko ndani.

#11 Kijiti_cha_Pwani
Ile Desemba dola ilishuka kwa sababu ya korosho, wanunuzi wa nje wanaleta dola msimu ule, kila mwaka ipo.

#12 Mzee_wa_Madini
Korosho ipo kila mwaka lakini haikuwahi kushusha hivyo. Ile ni dhahabu. Kuanzia Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu walitakiwa kutenga asilimia 20 wauze Benki Kuu. Mimi niko Geita nimeona.

#13 Kijiti_cha_Pwani
Dhahabu Benki Kuu inanunua kwa shilingi mkuu, hiyo inajaza akiba, hailetei mtaani dola siku ileile. Utalii pia usiusahau, na Benki Kuu yenyewe iliuza dola sokoni.

#14 Mzee_wa_Madini
Haya endelea na korosho zako, mimi nabaki na dhahabu yangu 😀

#15 Mhasibu_Mstaafu
Wazee wa korosho na dhahabu fungueni uzi wenu. Kwa mada hii sababu haijalishi, linalojalisha ni kwamba dola inaweza kushuka, na barua ya Bi Mkunazi imeandikwa na mtu aliyeliona hilo Desemba ile.

Angalieni alivyoipanga. Shilingi ikidhoofika kati ya ankara na malipo, inatumika siku pesa inapoingia. Shilingi ikiimarika, inatumika siku ya ankara. Mpangaji anabeba hasara pande zote na faida haimfikii kamwe. Hoja ya mkopo wa dola ya Mama Mbezi haiwezi kuitetea hiyo, kwa sababu anayenunua dola ananunua siku moja tu, hanunui siku mbili akachagua. Mtu akitaka kinga ya kweli achague siku moja na aishi nayo ikipanda na ikishuka.

#16 Mama_Mbezi_Juu
Nakubali. Siku moja, basi.

#17 Fundi_wa_Lubumbashi
Jambo wote. Huku kwetu Lubumbashi nyumba karibu zote ni dola, na tunalipa dola zenyewe mkononi, reti haiingii sana. Shida yetu ni noti. Bailleur, yaani mwenye nyumba, anaikataa dola iliyochanika kidogo ama iliyoandikwa na kalamu, anakuambia leta ingine, unaenda kwa mubadilishaji wa barabarani anakukata. Kama unalipa na franka, ni reti ya mubadilishaji wa asubuhi ile, mnapiga simu mbele ya wote wawili mnasikia bei, mnahesabia pale pale. Hakuna barua.

#18 Tozi_wa_Mtoni
Hiyo ya kupiga simu mbele ya wote nimeipenda, mambo yanaisha dakika mbili

#19 Chuma_cha_Kariakoo
Ukipiga wewe simu anapokea shemeji yako 😂

#20 Dada_wa_Mikataba
Nimechelewa, nimesoma kuanzia #1. Nafanya kazi za mikataba ya pango, siwezi kusema jengo gani. Nina mambo mawili.

La kwanza ni maneno ya mkataba wake, "siku ya malipo". Kiswahili hapo kinatega. Siku ya malipo inaweza kuwa siku unayotakiwa kulipa, yaani tarehe mosi Julai, au siku uliyolipa kweli, tarehe 4, au siku pesa ilipofika, tarehe 8. Kila mmoja ataisoma inavyompendeza. Ila hata uisome vipi, siku ya ankara haimo. Tarehe 24 Juni hakuna malipo yoyote yaliyofanyika wala yaliyotakiwa. Kwa hiyo kumdai kwa reti ya 24 Juni ni kubadili mkataba, na mkataba haubadilishwi kwa barua ya chini ya mlango, unabadilishwa na wote wawili. Barua ile ni ombi, hata kama imeandikwa kama amri.

La pili, Bi Mkunazi jibu kwa maandishi. Usinyamaze ukalipa hizo 75,000 "kuepusha kelele", maana robo ijayo na ya baadaye ukilipa hivyohivyo, siku ya kugombana atatoa risiti atasema mbona alikubali.

#21 Bi_Mkunazi
Asante sana. Hapo kwenye "siku ya malipo" nimeshtuka, miaka yote nilijua maana yake ni moja. Je ile Saba Saba inanihusu? Nimetuma Ijumaa, ikaonekana Jumanne, siyo kosa langu.

#22 Mhasibu_Mstaafu
Benki Kuu haitoi reti mpya Jumamosi, Jumapili wala sikukuu, inayosimama ni ya siku ya kazi iliyotangulia. Kwa hiyo kwa wikendi yako ndefu, reti ya Ijumaa inafika hadi Jumatatu yote, na Jumanne inatoka mpya. Ukitumia siku uliyotuma ni ya Ijumaa bila ubishi. Ukitumia siku ilipoonekana ni ya Jumanne, na hapo wewe unabeba hatari ya benki mbili na sikukuu moja ambazo huna mamlaka nazo. Mimi ningeandika siku mpangaji alipotoa agizo la malipo benki, kwa sababu ina muhuri wa saa na tarehe, na wote mnaweza kuuona kwenye risiti ya benki.

#23 Mama_Mbezi_Juu
Hapo sikubali mzee. Mtu anatuma Ijumaa saa kumi na moja jioni akijua haifiki, mimi nakaa siku nne na shilingi zinazoyeyuka. Iwe siku inapoingia.

#24 Mhasibu_Mstaafu
Basi mwandikie alipe siku tatu za kazi kabla ya tarehe ya mwisho. Lakini reti iwe moja na iandikwe.

#25 Kijiti_cha_Pwani
Hivi tunahangaika na siku za nini wakati hizo kanuni za Machi 2025 zimefuta yote? Mzee #4 ulisema utarudi.

#26 Dada_wa_Mikataba
Ngoja nimsaidie. Kanuni zinakataza mtu kutaja, kutangaza au kuonyesha bei ya bidhaa au huduma ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, kumlazimisha mwenzake alipe nazo, na pia kuzipokea kama malipo. Kuna waliosamehewa kama balozi na mashirika ya kimataifa. Mikataba iliyokuwepo kabla ilipewa nafasi ya mwaka mmoja, hadi mwishoni mwa Machi 2026, irekebishwe. Mkataba wa Bi Mkunazi ni wa Septemba 2024, kwa hiyo yuko kwenye hiyo nafasi. Kwa macho yangu sentensi mbaya zaidi kwenye barua siyo ya reti, ni "itaendelea kupangwa kwa Dola". Hilo neno "itaendelea" ndilo ambalo kanuni zinalikataa.

#27 Mzee_wa_Madini
Lakini anapokea shilingi. Dola ni kipimo tu, kama kusema kodi ni gunia mbili za mchele kwa bei ya siku. Kipimo siyo malipo.

#28 Dada_wa_Mikataba
Wapo mawakili wanaosema hivyohivyo, na wapo wanaosema ankara yenye alama ya dola tayari imetaja bei. Mimi niko na hao wa pili, sioni ankara ya "dola 1,500" inavyokwepa neno kutaja. Lakini sitakuambia limeisha.

#29 Chuma_cha_Kariakoo
Sisi Kariakoo tajiri alishabadili, Mei katuletea karatasi kodi sasa ni shilingi, hakuna dola tena. Tukashangilia. Kuangalia vizuri 800 kazizidisha kwa 2,750! Reti ya juu kuliko yoyote niliyowahi kuilipa, na sasa imegandishwa humo milele, 2,200,000.

#30 Mhasibu_Mstaafu
Hapo ndipo vita inapohamia, na watu wanalala. Kubadili kuwa shilingi ni kuchagua reti mara ya mwisho, kwa hiyo usikubali namba ya siku moja, hata iwe ya kweli. Omba wastani wa reti ya kati ya Benki Kuu kwa miezi 12, zipo zote kwenye tovuti yao za kila siku ya kazi, mnakaa na karatasi mnahesabu pamoja. Mwaka ambao dola imekuwa 2,700 na pia 2,400, hakuna atakayeweza kukuletea 2,750 kama wastani.

#31 Mama_Mbezi_Juu
Na mwenye nyumba mwenye mkopo wa dola mzee? Nikigandisha shilingi na dola ikapanda nani ananifidia? Nitaweka ongezeko la kila mwaka, asilimia fulani, wapangaji wasinune.

#32 Mhasibu_Mstaafu
Weka, mama. Iandikwe mapema na ijulikane. Mpangaji anaweza kupanga maisha na asilimia anayoijua.

#33 Bi_Mkunazi
Mrejesho wakuu. Nimeandika jibu la ukurasa mmoja na wapangaji wenzangu wawili wamesaini. Tumeomba reti ya kati ya Benki Kuu, ya siku moja ambayo ni siku ya agizo la benki, ikipanda au ikishuka, mpaka tukae tubadili mkataba kuwa shilingi. Zile 75,000 nimesema sizitambui kwa sababu siku ya ankara haimo kwenye mkataba. Msimamizi wa jengo kasoma amesimama mlangoni, akasema "hii ya benki yetu tunaweza kuongea, ya siku atabisha bosi". Tunakutana nao Jumamosi.

Ila jirani yangu wa juu kaniuliza swali likanikwamisha. Mwaka jana Septemba wote tuliweka dipoziti ya dola 500, tukalipa shilingi kwa 2,720, yaani 1,360,000. Yeye anahama mwezi ujao. Wanamrudishia dola 500 kwa reti ya leo, au ile 1,360,000 aliyoitoa?

#34 Mama_Mbezi_Juu
Mimi narudisha shilingi nilizopokea. Dipoziti siyo kodi, ni pesa yake imelala kwangu.

#35 Mzee_wa_Madini
Risiti yake imeandikwa dola au shilingi? Anzia hapo.

#36 Bi_Mkunazi
Imeandikwa zote mbili.